EMA moja, chati mbili, namba tofauti: mwongozo kamili wa thamani ya mbegu na kipindi cha kupasha

Mwenzangu ninayefanya naye kazi ya chati alinipigia simu usiku. Wote wawili tulikuwa tumefungua EUR/USD, mishumaa ya siku, mstari wa wastani wa EMA ya 200, ila kila mmoja kwenye jukwaa lake. "Kaka, kwangu bei imekata mstari kwenda juu huku mwanzoni. Kwako mbona haijakata?" Tukasomeana bei za kufungia siku kwa siku, zikafanana. Tukakagua mipangilio, 200 kwa 200. Nikamwomba asogeze chati hadi mshumaa wa mwisho kabisa anisomee namba ya EMA. Akasoma, nami nikasoma yangu: zilikuwa sawa hadi desimali ya tano.

Kwa hiyo hakuna jukwaa lililokuwa na hitilafu. Tofauti ilikaa kushoto mwa chati, na kila tuliposogea kulia ilipungua hadi ikaisha. Mwongozo huu unaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, unaipimaje kwa namba, na unahitaji mishumaa mingapi ya ziada kabla hujauamini mstari wako.

EMA haianzi yenyewe

Wastani wa kawaida, SMA, hauna shida hii. SMA ya 200 inachukua bei 200 za mwisho, inajumlisha, inagawa. Bei ya siku ya 201 nyuma haimo kabisa. Ukiwa na bei zile zile 200, huwezi kupata jibu tofauti.

EMA inahesabiwa kwa kuegemea EMA ya jana:

```
EMA ya leo = EMA ya jana + (bei ya leo - EMA ya jana) × 2 / (N + 1)
```

Isome taratibu. Unachukua mstari ulipokuwa jana, unaangalia bei ya leo iko mbali nao kiasi gani, kisha unausogeza mstari sehemu fulani ya umbali huo. Kwa EMA ya 5, sehemu hiyo ni 2/6, yaani theluthi moja. Kwa EMA ya 200 ni 2/201, karibu sehemu moja ya mia.

Sasa nenda siku ya kwanza ya chati. EMA ya jana ni ipi? Haipo. Lazima mtu aweke namba pale ili hesabu ianze kutembea, na namba hiyo ndiyo mbegu. Kanuni ya EMA haisemi mbegu iwe nini, kwa hiyo kila aliyeandika programu alichagua mwenyewe. Utakutana na chaguo tatu.

La kwanza ni kuchukua bei ya kwanza yenyewe kuwa EMA ya kwanza. Ndivyo inavyofanya MetaTrader 5 katika mfano wake wa `Custom Moving Average`, na ndivyo inavyofanya pandas, maktaba ya Python, ukiandika `adjust=False`.

La pili ni kusubiri bei N zipite, kuzipigia SMA, na kuifanya SMA hiyo kuwa EMA ya mshumaa wa N. Kabla ya hapo hakuna namba. TA-Lib, maktaba ya viashiria vya chati, inafanya hivi isipobadilishwa mipangilio.

La tatu ni kutoweka mbegu kabisa. Kila siku unapima wastani wa bei zote zilizopo, za karibuni zikiwa na uzito mkubwa, kisha unagawa kwa jumla ya uzito uliotumika kweli. Hiyo ni pandas ukiandika `ewm(span=N).mean()` bila kuongeza kitu, kwa sababu humo ndani `adjust=True` ndiyo hali yake ya kawaida. Watu wengi wanaoanza na Python hawajui kwamba wamechagua. Wameandika mstari mmoja wa msimbo, na chaguo limefanyika.

Kuna jambo la kuangalia hapa. Usitambue mbegu kwa kutazama mstari umeanzia kuchorwa wapi. Mfano ule wa MetaTrader 5 unahesabu tangu mshumaa wa kwanza, ila unaficha mchoro hadi mshumaa wa N. Ukiutazama kwa macho utadhani umeanza na SMA, kumbe mbegu yake ni bei ya kwanza kabisa.

Hatua ya kwanza: fanya hesabu kwa mkono, mara moja

Fungua Excel au LibreOffice. Tutatumia EMA ya 5 kwa sababu theluthi ni rahisi kufuata, na bei kumi nilizotunga kwa zoezi hili: 120, 126, 132, 129, 123, 126, 135, 132, 129, 138. Ziandike kuanzia B2 hadi B11. Safu C iwe ya mbegu ya bei ya kwanza, safu D ya mbegu ya SMA, E iwe pengo kati yao, na F iwe pengo la leo gawa kwa pengo la jana.

```
C2: =B2
C3: =C2+(B3-C2)*2/(5+1)
D6: =AVERAGE(B2:B6)
D7: =D6+(B7-D6)*2/(5+1)
E6: =D6-C6
F7: =E7/E6
```

Buruta C3, D7, E6 na F7 hadi chini. Utapata hivi:

| Mshumaa | Bei | Mbegu ya bei ya kwanza | Mbegu ya SMA | Pengo |
|---|---|---|---|---|
| 5 | 123 | 125.370 | 126.000 | 0.630 |
| 6 | 126 | 125.580 | 126.000 | 0.420 |
| 7 | 135 | 128.720 | 129.000 | 0.280 |
| 8 | 132 | 129.813 | 130.000 | 0.187 |
| 9 | 129 | 129.542 | 129.667 | 0.124 |
| 10 | 138 | 132.361 | 132.444 | 0.083 |

Tazama mshumaa wa 6. Mbegu ya SMA inasema mstari umetulia palepale 126. Mbegu ya bei ya kwanza inasema mstari umepanda kutoka 125.370 hadi 125.580. Bei ni ile ile, EMA ni ile ile, ila mmoja anaona mstari umelala na mwingine anaona unapanda. Kama mkakati wako unanunua pale mstari unapoanza kupanda, nyinyi wawili mmeshaachana.

Sasa tazama safu F. Kila mstari unatoa 0.667. Bei iliruka kutoka 126 hadi 135, ikashuka, ikapanda tena hadi 138, lakini pengo halikujali chochote. Kila mshumaa linabaki theluthi mbili ya lilivyokuwa jana. Hilo ndilo jambo kuu katika mada hii yote, na sababu yake iko kwenye kanuni yenyewe: mistari yote miwili inasogezwa theluthi moja kuelekea bei ile ile, kwa hiyo umbali kati yao nao unapungua theluthi moja. Bei ya leo inaingia pande zote mbili kwa kiasi kilekile, na ukitoa mmoja kwa mwingine inajifuta.

Kwa N yoyote, kinachobaki kila mshumaa ni (N − 1) / (N + 1). EMA ya 20 inabakiza 19/21 ya pengo la jana. EMA ya 200 inabakiza 199/201, yaani zaidi ya asilimia 99. Ndiyo maana EMA fupi haisumbui mtu, na EMA ya 200 inaweza kukuletea ugomvi wa simu usiku.

Ile njia ya tatu ya pandas haifuati uwiano huu kwa usafi. Kwenye bei hizi hizi inatoa 126.185 mshumaa wa 5, na 132.580 mshumaa wa 10, na pengo lake na safu C linayumba likipungua, kwa sababu uzito wake unabadilika kila siku hadi data itakapokuwa ndefu. Mwishoni nalo linafutika kwa kasi ileile. Ila usitumie kipimo cha safu F kuitambua.

Kwa nini wengine walichagua SMA

Utasikia watu wakisema mbegu ya SMA ndiyo sahihi. Wana hoja, ila ina mipaka, na inafaa kuijua.

Chukua bei inayopanda shilingi moja kila siku bila kukosa. EMA ya 200 iliyokwisha tulia itakuwa nyuma ya bei kwa shilingi 99.5. SMA ya 200 nayo itakuwa nyuma kwa shilingi 99.5 hizo hizo. Hii haikutokea kwa bahati: ile 2/(N + 1) inafanya umri wa wastani wa bei zilizomo ndani ya EMA ulingane na wa SMA yenye N ileile. Kwa hiyo ukianza na SMA katika soko linalopanda sawasawa, mbegu yako inaangukia mahali EMA ilipopaswa kuwa. Ukianza na bei ya kwanza, mstari unaanza palepale kwenye bei, shilingi 99.5 juu ya mahali pake, na utachukua muda mrefu kushuka hadi unapostahili.

Mipaka yake ndiyo hii. Tuseme umepakua mishumaa 250 tu na unataka EMA ya 200. Mbegu ya SMA imekaa mshumaa wa 200, na baada yake ziko siku 50 tu. Zidisha 199/201 yenyewe kwa yenyewe mara hamsini: inabaki asilimia 60.7. Yaani zaidi ya nusu ya namba unayoisoma leo bado ni SMA ya siku 200 za zamani, ambamo siku ya kwanza kabisa ina uzito sawa na ya mia mbili. Unaiita EMA, ila ndani yake SMA ndiyo kubwa. Aliyeanza na bei ya kwanza, kwenye mishumaa hiyo hiyo 250, amebakiwa na mbegu kwa asilimia 8.3 tu, kwa sababu yake imepungua tangu mshumaa wa kwanza. Lakini asilimia hizo 8.3 zote zimeegemea bei ya siku moja, na siku hiyo ikiwa ya fujo, fujo yake inabebwa hadi leo.

Kwa hiyo mimi sichagui jukwaa kwa mbegu yake. Nachagua kuwa na data ya kutosha hadi mbegu isiwe na la kusema.

Hatua ya pili: pima kipindi cha kupasha

Dereva wa lori hapakii na kuondoka injini ikiwa baridi. Kipindi cha kupasha ni ile mishumaa unayoiacha EMA ihesabu bila wewe kufanya uamuzi wowote kwa kuitegemea. Kiwe kirefu kiasi gani?

Kwa EMA yoyote, baada ya mishumaa N tangu mbegu, mbegu inabaki na karibu asilimia 13.5 ya uzito. Baada ya 2N inabaki asilimia 1.8. Baada ya 3N, robo ya asilimia moja. Kumbuka hesabu inaanzia kwenye mbegu, si kwenye mshumaa wa kwanza wa data. Jukwaa linaloonyesha EMA ya 200 mara tu mshumaa wa 200 unapofika linakuonyesha namba ambayo ama ni mbegu tupu, ama bado ina karibu asilimia 13.7 ya bei ya siku moja.

Asilimia peke yake haitoshi, maana asilimia moja ya pengo dogo si kitu, na asilimia moja ya pengo kubwa inaweza kukukatisha mstari. Ninayoitumia kila siku ni njia ya kugawa kwa nusu. Pengo linapungua nusu kila baada ya mishumaa 0.35 × N hivi. EMA ya 20 inapunguza pengo nusu kila mishumaa 7. EMA ya 200, kila mishumaa 69 au 70. Baada ya hapo unajiuliza maswali mawili: pengo la mwanzo linaweza kuwa kubwa kiasi gani, na mimi nataka libaki dogo kiasi gani?

Chukua EUR/USD, mishumaa ya siku, EMA ya 200. Tuseme bei ya siku ya kwanza ya data yako iko 0.0200 mbali na mahali EMA ilipopaswa kuwa. Hilo ni jambo la kawaida kwa jozi hiyo. Unataka mistari ilingane hadi desimali ya tano, yaani 0.00001. Pengo linatakiwa lipungue mara 2000. Gawa kwa nusu: mara kumi unapata 1024, mara kumi na moja unapata 2048. Basi nusu kumi na moja, kila moja mishumaa 69.3, inatoa mishumaa 762. Hiyo ni kama miaka mitatu ya mishumaa ya siku kwenye fedha za kigeni. Mbegu yako ikiwa SMA, ongeza mishumaa 200 ya kutengenezea mbegu yenyewe.

Kama unachotaka ni kuona tu bei iko juu au chini ya mstari, hauhitaji desimali ya tano. Ukiridhika na 0.0005, pengo linapungua mara 40, nusu tano na kitu, mishumaa 370 hivi. Kipimo kinatoka kwenye kazi unayotaka kuifanya.

Kwa MACD, anza na EMA yake ndefu zaidi, ile ya 26, kisha ongeza, kwa sababu mstari wa ishara wa 9 ni EMA nyingine inayoanza na mbegu yake juu ya namba ambazo zenyewe bado hazijatulia.

Hatua ya tatu: hesabu kwanza, kata baadaye

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye skripti za watu ni la mpangilio wa mistari miwili. Mtu anataka kujaribu mkakati kuanzia Januari 2024. Anakata data ianze tarehe hiyo, halafu anahesabu EMA. Hapo ametupa kipindi chote cha kupasha na kupanda mbegu palepale anapoanza kufanya biashara. Geuza:

```python
df["ema"] = df["close"].ewm(span=200, adjust=False).mean()
df = df.loc["2024-01-01":]
```

Data iwe imeanza mapema vya kutosha. Kwa mfano wetu wa desimali ya tano, ianze mwaka 2020. Ukitaka kulingana na jukwaa linaloanza na SMA, tumia hii:

```python
def ema_sma(bei, n):
    x = bei.iloc[n-1:].astype(float).copy()
    x.iloc[0] = bei.iloc[:n].mean()
    return x.ewm(span=n, adjust=False).mean()
```

Inachukua bei kuanzia mshumaa wa N, inaweka SMA mahali pa bei ya kwanza, kisha inaiacha pandas iendelee. Ipe zile bei kumi na `n` ikiwa 5. Isipokutolea 126, 126, 129, 130, 129.667 na 132.444, kuna kitu umekosea kunakili.

TA-Lib ina swichi yake kwa ajili hii. Ukiandika `talib.set_unstable_period("EMA", 700)` inatupa mishumaa 700 zaidi mwanzoni kabla haijakupa namba ya kwanza. Naipenda kwa sababu inakulazimisha uone nafasi tupu pale ambapo ungesoma namba isiyoiva. Ila ina maana pale tu ukiwa na data ya kuitupa. Ukiipa mishumaa 500 itakurudishia utupu.

Dirisha linalotembea: hapa pengo haliishi

Hadi sasa nimesema pengo linapungua na kuisha. Iko hali moja ambapo haliishi kamwe, na ndiyo iliyonichukulia muda mrefu zaidi kuielewa nilipokuwa naandika roboti ya kwanza.

Roboti nyingi hufanya hivi: kila mshumaa ukifunga, inaomba mishumaa 250 ya mwisho, inahesabu EMA ya 200 upya, inaamua. Kesho inaomba 250 nyingine. Ona kilichotokea: kesho mshumaa wa kwanza wa dirisha si ule wa leo. Mbegu imehama. Na mshumaa wa mwisho daima uko umbali uleule kutoka kwenye mbegu, kwa hiyo mbegu daima ina uzito uleule, asilimia 8.3 kwa bei ya kwanza au 60.7 kwa SMA. Hakuna kupasha kunakoendelea. Kila siku injini inazimwa na kuwashwa upya.

Dalili yake iko wazi ukijua pa kutazama. Andika kwenye faili EMA ya jana kama roboti ilivyoihesabu jana. Leo, soma EMA ya mshumaa uleule wa jana kutoka kwenye hesabu ya leo. Zikitofautiana, historia yako inabadilika nyuma yako. Nilipofanya hivyo niliona namba ya mshumaa uliokwisha kufungwa ikisogea kila siku, na ghafla nikaelewa kwa nini matokeo ya majaribio, yaliyohesabiwa kwa data ya miaka mingi, hayakufanana na ya roboti iliyokuwa ikifanya kazi.

Tiba ni mbili. Ama uombe dirisha refu, mishumaa 1,000 au zaidi kwa EMA ya 200, ambapo mbegu ya bei ya kwanza inabaki na chini ya asilimia 0.005. Ama uhifadhi EMA ya jana kwenye faili na leo uisogeze hatua moja tu kwa kanuni, bila kuhesabu upya. Njia ya pili ni nyepesi, lakini mshumaa mmoja ukikosekana mtandao ulipokatika, lazima uujaze kabla ya kuendelea.

MetaTrader nayo ina mpaka wake, `Max bars in chart`, kwenye mipangilio ya chati. Watu wawili wenye broka mmoja lakini namba tofauti hapo wanaweza kuwa na mishumaa ya kwanza tofauti, na hivyo mbegu tofauti.

Hisa mpya haina cha kupashia

Kuna wakati data ya ziada haipo duniani. Vodacom Tanzania iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam tarehe 15 Agosti 2017, baada ya hisa kuuzwa kwa umma kwa shilingi 850. Kabla ya hapo hakuna bei ya sokoni. Mtu akichora EMA ya 200 ya mishumaa ya wiki, wiki 200 zinatimia katikati ya Juni 2021. Kama jukwaa lake linaanza na bei ya kwanza na bei hiyo ni 850, basi miaka karibu minne baadaye shilingi 115 hivi za mstari ule bado zinatoka kwenye bei ya siku ya kuorodheshwa.

Kwa hisa kama hiyo usitafute mbegu bora. Tumia EMA fupi. EMA ya wiki 40 kwenye hisa ile ile ilikuwa imebakiza robo ya asilimia ya mbegu baada ya wiki 120. Au chora EMA mara mbili, moja kwa kila mbegu, na uchukulie eneo lote lililo kati ya mistari hiyo miwili kuwa ndilo mstari. Bei ikiwa ndani ya eneo hilo, chati haijakuambia kitu.

Pengo lisipopungua, mbegu haihusiki

Rudi kwenye safu F. Chukua EMA ya jukwaa moja na ya jukwaa lingine, mishumaa ishirini mfululizo, toa, gawa. Uwiano ukitulia kwenye (N − 1)/(N + 1), umemaliza: ni mbegu, na unajua itaisha lini. Pengo likiruka ovyo, au likibaki kubwa hadi mshumaa wa mwisho, tafuta kwingine.

Mimi huanza na njia ya hesabu. MetaTrader ina `Exponential` na `Smoothed` kwenye orodha moja, na mtu akigusa isivyo hajui. `Smoothed` inasogeza mstari kwa 1/N badala ya 2/(N + 1), kwa hiyo `Smoothed` ya 200 inatembea kama EMA ya 399. RSI ya Wilder inatumia 1/N hiyo hiyo, ndiyo maana RSI ya 14 inahitaji kupashwa kama EMA ya 27.

Baadaye tazama saa ya kufunga siku. Broka mmoja anafunga mshumaa wa siku usiku wa manane kwa saa ya seva yake, mwingine kwa saa nyingine, na mmoja anaweza kuwa na mshumaa mfupi wa Jumapili ambao mwenzake hana. Hapo bei za kufungia zenyewe si zile zile, na EMA zitatofautiana milele. Kwenye hisa, kagua kama upande mmoja umerekebisha bei za nyuma kwa gawio na mwingine haujarekebisha. Hapo pengo linaruka kila siku ya gawio. Mwisho kabisa fungua `Apply to`, uone kama mmoja ameweka `Close` na mwingine `Typical Price`.

Mwenzangu na mimi tulifanya kipimo hicho usiku uleule, kwa mishumaa ishirini iliyofuata ule uliomfanya apige simu. Uwiano ulitoka 0.990 kila mstari, ambayo ndiyo 199/201. Akafuta mishumaa 760 ya kwanza kwenye majaribio yake, nami nikafuta ya kwangu. Ule mkato wa mwanzoni ulikuwa miongoni mwa iliyofutwa.